Fleti ya Kizingo: wageni wa usiku au mpangaji wa mwaka?

*Shikamoo shangazi. Marehemu baba alituachia fleti ya vyumba viwili vya kulala Kizingo, Mombasa, na ndugu zangu wamekubali niisimamie mimi. Mpangaji aliyekaa miaka sita anahama mwisho wa mwezi ujao. Alikuwa akilipa shilingi 50,000 kwa mwezi, nasi tunalipa ada ya huduma za jengo, 7,000. Mimi ni muuguzi Malindi, siwezi kwenda Mombasa kila siku. Binamu yangu anayeishi huko ananishawishi tutie fanicha tuipangishe wageni kupitia Airbnb kwa 7,000 usiku. Asema 7,000 mara siku 30 ni 210,000, zaidi ya mara nne ya kodi tuliyozoea. Yeye atashika funguo, achukue asilimia 20. Nimeulizia bei za fanicha, vyombo na viyoyozi viwili, jumla ni kama 620,000, na itabidi nikope kwenye sacco. Mume wangu asema nisithubutu, nitafute mpangaji mwingine. Nimsikilize nani?*
*Muuguzi, Malindi*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kumpoteza mzee.

Nimesimamia nyumba za watu kisiwani Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, za wapangaji wa mwaka na za wageni wa usiku. Binamu yako sidhani ana nia mbaya. Amekutajia pesa kabla hazijapita mikononi mwa wanaozisubiri njiani, basi. Hebu tuzifuate 7,000 zake za usiku mmoja tuone zinafika kwako zikiwa ngapi.

Wa kwanza kuchukua chake ni mtandao wenyewe. Kuna utaratibu ambao mwenye nyumba hukatwa kama asilimia 3 na mgeni akaongezewa ada yake juu, na kuna ule ambao makato yote, kama asilimia 15, humwangukia mwenye nyumba. Usihangaike sana kuchagua, kwa sababu mgeni hutazama jumla anayolipa, na ada ikiongezwa juu itakulazimu kushusha bei ili ulingane na jirani. Mimi huhesabu 15 moja kwa moja, yaani 1,050. Binamu naye atachukua 1,400 zake. Kisha kuna serikali. Ada ya utalii ni asilimia 2 ya mapato ghafi, na ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo, zile zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3. Jumla 350. Umeme nimeuwekea 400 kwa usiku, na hapo nimemdhania mgeni muungwana. Watu wa bara wakishuka Mombasa mwezi wa Februari huwasha kiyoyozi mchana kutwa, madirisha wazi, wao wako Fort Jesus wanapiga picha. Tokeni ni zako, mgeni hazimuumi.

Toa yote hayo, usiku wa 7,000 umebaki 3,800.

Bado hatujamlipa dobi. Sasa nakuomba utulie, kwa maana hapa ndipo hesabu nyingi za fleti za mjini huharibika. Yapo gharama yasiyofuata idadi ya usiku. Yanafuata idadi ya wageni. Kila mgeni anapoondoka nyumba hufanyiwa usafi kamili, mashuka na taulo za vitanda viwili huenda kwa dobi, na huwekwa upya sabuni, tishu, maji ya kunywa, majani na sukari. Nikikuwekea 1,200 ya mfanya usafi, 800 ya dobi na 400 ya vitu vidogo, kila mgeni anakugharimu 2,400, alale usiku mmoja au kumi. Akilala usiku mbili, kila usiku unabeba 1,200 ya mzigo huo na wewe umebaki na 2,600. Akilala nne, kila usiku unabeba 600 na wewe umebaki na 3,200. Akikaa siku nane unabaki na 3,500. Bei mlangoni haijabadilika hata kidogo, lakini mfukoni ni biashara tofauti.

Sasa jiulize ni nani anayelala Kizingo. Anayetafuta bahari huenda Nyali, Bamburi na Shanzu, au huvuka kivuko cha Likoni kuelekea Diani. Anayetafuta fleti kisiwani ana shughuli mjini: mizigo yake iko bandarini, kesi yake iko mahakamani, mgonjwa wake yuko hospitali, au amekuja harusi ya Jumamosi. Huyo hufika jioni, hulala usiku moja au mbili, akaondoka. Ni mgeni mzuri, mara nyingi mtulivu kuliko wa likizo, ila ni mgeni wa usiku mbili, yule wa 2,600. Wapo wachache wakaao siku nyingi, hasa jamaa za wagonjwa na familia zilizotoka ughaibuni kusalimia wazee, lakini sithubutu kukujengea hesabu juu yao.

Yapo pia malipo ya kila mwezi ambayo hayaulizi kama kuna mtu ndani. Ada ya jengo 7,000. Intaneti 3,000. Maji 3,000, kwa sababu wewe mwenyewe umekulia humu, wajua mifereji ya kisiwa hukauka siku kadhaa na lazima uite boza. Mgeni aliyelipa 7,000 hawezi kuambiwa aoge kwa ndoo, na akioga maji ya chumvi ya kisima ataandika hivyo kwenye maoni yake watu wote wasome. Leseni, kibali cha kaunti na bima nimeviwekea 3,000 kwa mwezi. Marekebisho 5,000. Halafu fanicha: 620,000 ukizigawanya kwa miaka minne ni kama 13,000 kila mwezi.

Huenda ukasema miaka minne ni michache. Kwa Kizingo mimi naiona mingi. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula mashine ya nje ya kiyoyozi, bawaba za makabati, friji upande wa nyuma, hata miguu ya vitanda vya chuma. Maji ya kisima nayo humaliza hita ya bafuni na kuziba vichwa vya bomba la mvua. Niliwahi kusimamia fleti karibu na Mama Ngina ambayo mwenyewe alinunua viyoyozi vya bei rahisi; kabla ya mwaka wa tatu kwisha koili za nje zilikuwa zimeliwa, fundi akiziminya zinavunjika kama biskuti. Fleti ilikaa imefungwa siku kumi na mbili za Desemba tukisubiri mashine mpya. Kitu ambacho kwenye nyumba ya familia ungekitengeneza wiki ijayo, kwa mgeni lazima kitengenezwe leo, na fundi wa leo ana bei yake.

Jumlisha: 34,000 kwa mwezi, kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi.

Hamia upande wa mume wako. Mpangaji wa 50,000 naye ana makato yake. Tuseme kila miaka miwili nyumba inakaa tupu mwezi mmoja. Hiyo ni kama 2,000 kwa mwezi, unabaki na 48,000. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi ghafi tangu Januari 2024, kwa wenye kupokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hulipwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata na haupunguzwi kwa gharama yoyote, hata ukitoka kupaka rangi nyumba nzima. Hapo ni 3,600. Ondoa ada ya jengo 7,000 na marekebisho 3,000. Unabaki na 34,400. Umeme, maji na intaneti ni juu ya mpangaji, na vitanda ni vyake.

Tazama ushuru wenyewe ulivyotofautiana. Ile asilimia 7.5 ni ya mtu anayeishi kwenye nyumba. Mgeni wa usiku ni biashara ya malazi, na hesabu zake huingia kwenye kapu lingine. Nimeona wengi wakilipa ya kwanza huku wakifanya kazi ya pili, wakidhani wamemaliza deni lao, kisha KRA ikawadai miaka ya nyuma pamoja na riba.

Haya, ili wageni wakuletee zile 34,400, lazima kwanza wafidie zile 34,000, yaani usiku zote kwa pamoja zizae 68,400 kila mwezi. Kwa wageni wa usiku mbili, wanaokuachia 2,600, zinahitajika usiku 27. Kwa wa usiku nne ni 22. Kwa wakaao siku nane ni 20. Hapo ndipo unapoanza kulingana na mpangaji uliyenaye, bado hujampita. Na fahamu kwamba wageni wa usiku mbili hawawezi kujaza siku 27 za mwezi hata nyumba iwe nzuri vipi. Kila anayeondoka Alhamisi na anayefuata akaingia Ijumaa wamekuachia pengo la usiku mmoja ambalo hakuna alitakaye.

Mwaka wa Mombasa nao haulingani. Desemba, Aprili na Agosti shule zimefungwa, na Pasaka mara nyingi huangukia humo humo. Ila Mei na Juni masika yamechachamaa, kusi inavuma, na mji unapwaya. Tuupe mwaka wako miezi mitatu ya neema yenye usiku 24 kila mmoja, miezi mitano ya kawaida yenye 17, na minne ya ukame yenye 10. Hizo ni usiku 197. Wageni wakikaa wastani wa usiku tatu, kila usiku utakuachia 3,000, kwa hiyo mwaka utazaa 591,000. Toa gharama za kudumu za mwaka, 408,000. Umebaki na 183,000. Mpangaji wa mwaka, kwa hesabu ile ya 34,400, anakuachia 412,800. Ili wageni wamfikie ungehitaji kuuza usiku 274 kwa mwaka, robo tatu ya siku zote, tangu mwaka wa kwanza, wakati nyumba yako haina hata maoni matano mtandaoni.

Tena hapo sijatia riba ya sacco. Marejesho hayajui kwamba ni Mei. Mwezi wa usiku 10 utazaa 30,000 na kudaiwa 34,000, kisha sacco wakate mshahara wako wa hospitali kama kawaida. Nyumba aliyoiacha mzee ili iwasaidie itakuwa inakula mshahara wako.

Sitaki uondoke ukiamini kwamba kazi ya wageni ni hasara kwa kila mtu, maana si kweli. Chukua fleti hiyo hiyo, bei hiyo hiyo, lakini mwenyewe awe anaishi Ganjoni, dakika kumi kwa miguu. Anapokea wageni mwenyewe, kwa hiyo zile 1,400 za usiku ni zake. Baada ya mwaka mmoja nusu ya wageni wake wamekuwa wa kurudi, wanampigia simu na kutuma M-Pesa bila kupitia mtandao, akaokoa wastani wa 525 kwa usiku. Usiku wa mgeni wa siku tatu unamwachia 4,925, na anahitaji usiku 14 tu kumfikia mpangaji wa mwaka. Kumi na nne mtu aweza kuzipata hata katika mwezi wa kawaida, na Desemba atacheka. Nawajua wanawake wawili kisiwani wanaofanya hivyo na wamesomesha watoto. Kinachowabeba ni kwamba wako pale pale, na wamekuwa na subira ya kujenga wateja. Wewe uko Malindi, kilomita kama 120, na zamu za usiku wodini.

Kuna na mambo matatu ambayo yangeweza kufunga mjadala hata kabla ya hesabu.

La kwanza ni jengo lenyewe. Chukua mkataba wa umiliki wa fleti aliotia saini mzee na kanuni za kampuni inayosimamia jengo, usome sehemu ya matumizi. Majengo mengi ya Kizingo yameandikwa kwamba fleti ni makazi ya familia moja, na mengine yameongeza kanuni za kukataza upangishaji wa siku. Ukikutana na maneno hayo, binamu hana hoja tena: majirani wanaweza kukupeleka mbele, mlinzi wa geti akaagizwa asimruhusu mgeni yeyote, na wewe umeshanunua vitanda. Hata pasipo kanuni, fikiria lifti moja na ngazi moja mnazotumia na familia zilizomjua baba yako miaka yote. Sura mpya kila siku mbili, sanduku likikokotwa saa nane za usiku, kijana na msichana wanaouliza mlango ni upi. Kizingo ni mtaa wa watu wazima na wenye haya zao. Malalamiko huanzia kwa mama wa ghorofa ya pili na hufika kwenye mkutano wa wenye nyumba haraka kuliko unavyodhani.

La pili ni leseni. Fleti zenye fanicha zinazopangishwa wageni ziko chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 na husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Miaka mingi watu walijifanya hawajui. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, kwa nyakati tofauti, katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, na tangu hapo serikali ikashikilia kwamba nyumba hizo zisajiliwe. Kwa hiyo usimkubalie mtu anayekwambia uanze kimya kimya. Siku likitokea jambo chumbani, polisi wataanza na mwenye nyumba: leseni iko wapi, kitabu cha wageni kiko wapi, nakala ya kitambulisho cha aliyelala iko wapi. Hayo binamu akiyapuuza, jina litakaloitwa ni lako.

La tatu linahusu njia zote mbili. Kama hati bado imesimama kwa jina la mzee, hakikisheni mirathi imepita mahakamani, iwe Kadhi au Mahakama Kuu, na msimamizi amethibitishwa. Ndugu kukubaliana kwa mdomo sebuleni hakumpi yeyote mamlaka ya kutia saini mkataba wa kupangisha.

Utaniuliza kuhusu njia ya katikati, ile ya kutia fanicha na kupangisha kwa miezi mitatu au sita, kwa mhandisi wa mradi au daktari aliyehamishiwa Mombasa kwa muda. Nimekuhesabia pia. Tuseme unapata 80,000 kwa mwezi. Mpangaji ananunua tokeni zake, wewe unalipa ada ya jengo, intaneti, maji, bima kidogo, marekebisho 4,000 na fanicha zile zile za 13,000. Jumla 31,000 kwa mwezi, 372,000 kwa mwaka. Ukipata wapangaji miezi 10, baada ya ushuru wa asilimia 7.5 na gharama hizo unabaki na 368,000, chini ya mpangaji wa kawaida. Ukipata miezi 11 unabaki na 442,000, umempita kwa elfu 29 na ushei. Yaani umekopa 620,000 ili mwezi mmoja tu wa kukosa mtu ukuamulie kama umepata au umepoteza. Kwa mwenye fanicha tayari ndani ya nyumba ningesema jaribu. Kwako ningesubiri.

Kwa hiyo ndio, mwanangu, mpangishe mtu wa mwaka. Ila usimpangishe kivivu, maana naona pesa zinazokaa pale na hakuna aliyeziokota. Mpangaji aliyekaa miaka sita mara nyingi huwa analipa kodi ya zamani. Kabla ya kutangaza, mtume mtu aulize fleti tatu za vyumba viwili katika mitaa ile ile, za umri ule ule, zinapangishwa ngapi leo. Ukipandisha kwa 3,000 tu, baada ya ushuru umeongeza 2,775 kila mwezi. Ni karibu sawa na faida ya usiku mmoja wa mgeni, bila dobi na bila kiyoyozi. Ukiweza kupandisha kwa 10,000, umeongeza zaidi ya 9,000 kwa mwezi kwa kuuliza maswali tu.

Katika wiki mbili za mwanzo nyumba ikiwa tupu, tumia kiasi kidogo mahali panapoonekana na panapooza: rangi, vichwa vya mabomba vilivyoliwa na chumvi, tangi la maji la akiba kama jengo linaruhusu. Tangi ndilo ningelitanguliza. Mombasa mpangaji mwenye mshahara mzuri huuliza maji kabla hajauliza idadi ya vyoo, na nyumba yenye maji haikai tupu.

Mkataba uwe wa mwaka mmoja, wenye kifungu cha notisi ya miezi miwili kwa upande wowote na kingine cha kuangalia kodi upya unapohuishwa. Kifungu cha notisi nakitaka kwa ajili yako hasa. Ukihamishiwa hospitali ya Mombasa baada ya mwaka mmoja na nusu, hesabu ile ya mwanamke wa Ganjoni itakuwa yako, na utaweza kubadili njia bila kumgombeza mtu. Chukua amana ya mwezi mmoja au miwili na uandike inarudishwaje. Siku ya kukabidhi funguo pigeni picha za kila chumba, pamoja na usomaji wa mita, kila mmoja abaki na nakala. Kisha mkataba ulipiwe ushuru wa stempu: kwa kodi ya 600,000 kwa mwaka na mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1, yaani 6,000. Watu huuruka kwa sababu hakuna anayewauliza, hadi siku mpangaji anapoacha kulipa na wakili anawaambia mahakama haitaupokea mkataba usio na stempu kama ushahidi hadi ilipwe pamoja na faini. Na kwa kuwa uko mbali, kodi iingie kwenye akaunti moja ambayo ndugu zako wote wanaweza kuona taarifa yake. Wewe ndiye msimamizi, lakini nyumba ni ya wote, na uchungu wa ndugu huanzia kwenye pesa zilizopita kwenye simu ya mtu mmoja.

Kuhusu binamu, usimkatalie kwa neno la mume wako, atamchukia bure. Mpe kazi ya kuhesabu. Mwambie achague fleti tano za vyumba viwili zilizoko Kizingo na Ganjoni katika mtandao ule ule, asome tarehe za maoni ya wageni katika Mei na Juni zilizopita, akuandikie kila moja ilipata mangapi. Si kila mgeni huandika maoni, kwa hiyo idadi halisi itakuwa juu kidogo ya hapo, lakini atapata sura ya mwezi mbaya. Asitumie kalenda peke yake, kwa kuwa siku iliyozibwa inaweza kuwa imezibwa na mwenyewe kwa ajili ya shangazi yake aliyekuja matibabu. Akimaliza, kaeni naye mpige hesabu ya usiku za wageni hao kwa zile 3,800 zinazobaki kila usiku, mkitoa 2,400 kwa kila aliyeingia na 34,000 za mwezi.

Na kama kweli anataka kazi, ipo. Yeye ndiye aulize bei za mitaani, asimamie fundi rangi, aonyeshe nyumba, alete wapangaji wawili watatu wenye barua za kazi uwachague. Mlipe ada ya dalali akimleta anayetia saini, kisha kila miezi mitatu mlipie nauli na posho apite kukagua mabomba na paa. Muanzishe wiki hii hii, mpangaji wenu akiwa bado ndani, ili mumwombe ruhusa ya kuonyesha nyumba siku za Jumamosi mchana, na mwezi mtupu usiwepo kabisa.